Picha za Pampu Mezani kwa Kamati ya Maji

Ripoti ya hali ya pampu ya mkono huieleza kamati ya maji ya kijiji mambo matatu: kipi kimeharibika, kimejulikanaje, na kitengenezwe kwa utaratibu gani. Siku hizi ripoti hiyo huja na picha, kwa kuwa fundi ana simu mfukoni na picha hukata ubishi ambao maneno huuzidisha. Mjumbe ambaye hajakanyaga kisimani kwa miezi sita huuona ufa wa sakafu kwa macho yake akiwa kikaoni. Lakini pampu ya kisima kirefu ina pande mbili, na kamera huufikia mmoja tu. Mpini, kichwa, nguzo na sakafu ya zege viko juu. Silinda, mipira na vali, ambavyo ndivyo hasa huyapandisha maji, viko mita ishirini au thelathini chini ya miguu ya mpiga picha. Kwa hiyo ripoti yenye picha nyingi na nzuri inaweza kabisa kuukosa ugonjwa wenyewe.

Mfano utakaofuatwa hapa ni wa pampu aina ya Afridev iliyofungwa kwenye kisima cha kijiji kimoja huko Kwale, silinda yake ikiwa kina cha mita 30. Kijiji ni cha mfano tu, lakini kasoro zake ni zile ambazo mafundi wa pwani huzikuta kila mwaka. Aina ya pampu nayo haikuchaguliwa ovyo. Afridev ilibuniwa katika miaka ya 1980, na Kwale ni mojawapo ya mahali ilipojaribiwa ikiwa bado mpya, wakati UNDP na Benki ya Dunia zilipokuwa zikiendesha mradi wa kupima pampu za mkono ulioanza mwaka 1981. Wabunifu walitaka pampu ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuifungua, kubadilisha vilivyochakaa na kuifunga tena bila kusubiri gari lenye winchi kutoka mjini. Mchoro wake haumilikiwi na kampuni moja, hivyo viwanda mbalimbali huitengeneza kwa vipimo vilevile.

Ili ripoti isomeke, kamati inahitaji kwanza kujua maji hupandaje. Mpini ukishushwa, fito za chuma zilizounganishwa moja kwa moja hadi chini huivuta pistoni juu ndani ya silinda yenye kipenyo cha milimita 50. Pistoni imevishwa mpira unaobana ukuta wa silinda, sawa na pampu ya baiskeli, ila hapa kinachosukumwa ni maji. Chini ya silinda kuna vali inayofunguka pistoni inapopanda na kujifunga inaposhuka, ili maji yaliyokwisha kuingia yasirudi kisimani. Maji hupanda ndani ya bomba la plastiki gumu hadi mdomoni mwa pampu. Jambo linaloipa Afridev sifa yake ni kwamba pistoni na vali ya chini hupita ndani ya bomba hilo, basi huvutwa juu bila kuling'oa bomba lenyewe. Mpira, vali na bushi za mpini ndivyo vitu vinavyokwisha upesi, na mwongozo wa pampu unataka vibadilishwe kila mwaka hata kama havijalalamika. Vijiji vingi hungoja vilalamike.

Picha ya kwanza ya ripoti hupigwa kutoka mbali, hatua ishirini au zaidi, ili pampu ionekane pamoja na mazingira yake. Katika mfano huu picha hiyo inaonyesha ua wa miti ulioanguka upande mmoja, alama za kwato kwenye tope, na dimbwi la maji pembeni mwa sakafu. Nyuma ya mwembe kuna choo cha shimo. Picha haisemi choo kiko umbali gani. Lenzi ya simu huvisogeza vitu au huvitawanya kadiri mpiga picha anavyosimama. Futi kamba ndiyo inayosema, na hapa ilisoma mita 24. Umbali huo huandikwa chini ya picha. Shirika la Afya Duniani lina fomu ya maswali kumi ya ndiyo au hapana kwa ajili ya visima vyenye pampu ya mkono, na swali la kwanza ni kama kuna choo ndani ya mita 10. La pili huuliza kama choo kilicho karibu kiko upande wa juu wa mteremko. Jibu la hili la pili nalo halimo pichani, maana picha husawazisha miteremko. Fundi humwaga maji chini na kutazama yanakoelekea.

Picha ya pili ni ya sakafu. Ufa unaanza kwenye mguu wa pampu na kwenda hadi ukingoni, na sarafu ya shilingi kumi imewekwa kando yake ili upana uonekane. Bila kitu cha kulinganishia, ufa wa unywele na ufa wa kuingia kidole hufanana kwenye karatasi. Hata kwa sarafu, bado haijulikani kama ufa umepita sakafu nzima au umechubua juu tu. Sakafu iliyolowa huficha nyufa ndogo na kuzikuza kubwa, kwa hiyo fundi mwenye uzoefu huisugua, huiacha ikauke, kisha hupiga picha. Baada ya hapo humwaga ndoo moja juu ya ufa. Maji yakitambaa juu na kuingia kwenye mtaro, ufa si wa hatari sana. Yakinyonywa na kupotea, kama yalivyopotea hapa, ina maana maji machafu ya miguuni na ya kufulia yanashuka kandokando ya bomba la kuta za kisima na yanaweza kufika kwenye maji ya kunywa. Huu ndio ubovu ambao watumiaji hawaulalamikii, kwa sababu pampu inaendelea kutoa maji yanayong'aa.

Kuhusu mguu wa pampu, picha ya kawaida haifai kitu. Nguzo inayocheza na nguzo iliyokaza hutoa picha ileile. Njia ni kupiga picha mbili kutoka mahali pamoja, moja mpini ukiwa juu na nyingine ukiwa chini, au video ya sekunde kumi mtu mzima akiwa anapiga pampu. Katika mfano huu, nafasi kati ya chuma na zege inafunguka na kujifunga kwa kila mpigo, na maji yaliyotuama hapo yanatoa mapovu. Mapovu hayo ni ushahidi kwamba hewa, na kwa hiyo maji, yana njia ya kupita kwenda chini. Fomu ile ya maswali kumi inalitaja jambo hili peke yake: je, pampu imelegea pale ilipofungwa kwenye sakafu? Ufa na ulegevu ni maswali mawili tofauti, na pampu hii imepata ndiyo kwa yote mawili, pamoja na ndiyo ya ua na ya dimbwi. Ndiyo nne kati ya kumi huiweka katika hatari ya wastani. Alama hiyo isiipumbaze kamati, kwa kuwa fomu huhesabu kila jibu kwa uzito mmoja, ilhali ufa unaomeza maji karibu na mguu uliolegea ni zaidi ya ua ulioanguka mara nyingi.

Kichwa cha pampu hupigwa picha kikiwa kimefunguliwa. Kifuniko cha Afridev hushikwa na bolti moja, na spana ya milimita 24 inatosha. Hapa kuna alama inayong'aa upande mmoja wa tundu ambamo mpini hupita: chuma kimekuwa kikisugua chuma. Hilo hutokea bushi za plastiki za mhimili zinapokwisha na mpini kuanza kuyumba kushoto na kulia. Rangi mpya ni adui mkubwa wa picha hii. Pampu zilizopakwa rangi kwa ajili ya ziara ya mgeni huwa hazionyeshi msuguano wala kutu, na fundi anayepewa picha kwa simu ili atoe ushauri akiwa mbali anapaswa kuuliza rangi ilipakwa lini kabla ya kusema lolote.

Picha ya mdomo wa pampu ukitoa maji huwekwa katika karibu kila ripoti, na ni picha isiyo na maana. Maji membamba yanaweza kutokana na mpira uliokwisha, na yanaweza vilevile kutokana na mtoto aliyekuwa akipiga mpini nusunusu. Mahali hapo kamera huwekwa kando, zikachukuliwa ndoo na saa.

Jaribio la kwanza ni la kiasi. Pampu hupigwa hadi maji yatoke sawasawa, kisha hupigwa mipigo 40 kamili kwa dakika moja, maji yakikingwa kwenye ndoo yenye alama za lita. Hesabu yake ni nyepesi. Silinda ya milimita 50 na mpigo wa milimita 225 hubeba maji kidogo zaidi ya lita 0.4, basi mipigo 40 ya pampu nzima kabisa ingetoa lita 17 na kidogo. Pampu yoyote hupoteza kiasi fulani, na lita 15 au 16 si za kusikitikia. Kisima cha mfano kilitoa lita 9. Jaribio likarudiwa mara tatu ili isiwe kosa la mkono, na jibu halikubadilika.

Tofauti hiyo ikiwekwa katika maisha ya foleni, kamati huielewa mara moja. Pampu nzima hujaza mtungi wa lita 20 kwa mipigo kama 45, yaani dakika moja na ushei. Hii inataka mipigo karibu 90. Watu 300, kila mmoja akihitaji lita 20 kwa siku, wanahitaji lita 6,000. Kwa pampu nzima ni saa sita za kupiga bila kupumzika. Kwa pampu hii ni saa kumi na moja. Akina mama wanaofika kisimani kabla ya alfajiri hawafuati desturi, wanafuata hesabu hiyo.

Hata hivyo lita 9 peke yake hazijathibitisha kwamba mpira umekwisha. Maji ya kisima chenyewe yanaweza kuwa yameshuka hadi kukaribia silinda, hasa mwishoni mwa kiangazi. Hali hizo mbili hutofautishwa kwa uvumilivu. Kisima kinachokauka huanza vizuri asubuhi, kisha baada ya mitungi kadhaa maji hupungua, hutoka yakichanganyika na hewa, na pampu ikipumzishwa hurudi kama kawaida. Mpira uliokwisha hutoa kidogo tangu mtungi wa kwanza na haubadiliki. Kwenye mfano huu mtungi wa kwanza na wa tano ulijaa kwa mipigo ileile, na hapakuwa na hewa. Basi mpira umekwisha. Hili ni jambo muhimu kwa mfuko wa kijiji: mpira ni kitu cha bei ndogo, lakini kamati ikidhani kisima kimekauka inaweza kuanza kutafuta fedha za kuchimba kingine.

Jaribio la pili ni la uvujaji. Pampu hupigwa hadi maji yatoke, huachwa nusu saa bila kuguswa, kisha mipigo huhesabiwa mpaka maji yatoke tena. Mipigo isiyozidi mitano inakubalika. Hapa ilifika 30. Idadi hiyo inaweza kugeuzwa kuwa mita, na jibu lake ni la kuvutia. Bomba la kupandishia maji hubeba lita mbili na kidogo kwa kila mita moja ya urefu. Pampu hii, kwa mpira wake uliochoka, hutoa karibu lita 0.22 kwa mpigo, hivyo mipigo 30 ni kama lita 7, na lita 7 ni zaidi kidogo ya mita tatu za bomba. Maji yalishuka mita tatu kwa nusu saa. Kama vali ya chini ingekuwa wazi kabisa, bomba lote lingerudi hadi usawa wa maji ya kisima, na mipigo ingepita mia. Huu ni uvujaji wa polepole.

Unavuja wapi? Hapo ndipo uchunguzi wa juu unapofika mwisho. Inawezekana ni mpira wa duara unaoziba vali ya chini, ambao mafundi huuita oringi. Inawezekana ni kizibo cha vali hiyo, yaani bobini, kilichoshikwa na mchanga. Na inawezekana ni kiungo cha bomba kilichoachia gundi. Jawabu la kweli katika ripoti ni kuvitaja vyote vitatu, kusema kwamba viwili vya kwanza hutokea mara nyingi zaidi na ni rahisi kubadilisha, na kupendekeza vianze hivyo. Mafundi wengine huona aibu kuandika kwamba hawana hakika. Kamati yenye busara humtilia shaka yule anayeandika kwamba anajua.

Imebaki picha moja, nayo ndiyo iliyozua maneno mengi kijijini: sakafu chini ya mdomo wa pampu ina doa pana la rangi ya kutu. Wengine walisema kisima kimeharibika, wengine kwamba ndivyo maji ya ardhi ile yalivyo. Doa lenyewe haliwezi kuamua, kwa sababu chuma kilichomo ardhini na chuma kinacholika ndani ya pampu huacha rangi moja. Kinachoamua ni chupa mbili safi za plastiki zisizo na rangi. Ya kwanza hujazwa alfajiri kwa maji ya mwanzo kabisa, kabla mtu yeyote hajapiga pampu. Kisha mitungi kumi hutekwa, na maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha, ambayo hayazidi lita 70 kwa kina hiki, huwa yamekwisha kutoka. Ndipo chupa ya pili hujazwa, na zote mbili huachwa kivulini.

Chuma cha ardhini kwa kawaida hutoka kikiwa kimeyeyuka, maji yanaonekana safi, halafu yakikutana na hewa hugeuka hudhurungi polepole. Chuma cha pampu hutoka kikiwa tayari ni kutu, kingi katika maji ya kwanza, kisha hupotea. Katika mfano huu chupa ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai hafifu tangu ilipojazwa, na ya pili ilikuwa safi na ikabaki safi hadi jioni. Kwa hiyo ni fito zinazolika. Bomba la plastiki halishiki kutu, na fito ndizo chuma kirefu kuliko vyote kilichozama. Fito za chuma kilichopakwa zinki hazidumu katika maji yenye asidi, hasa pH ikiwa chini ya 6.5, na chumvi ya pwani huharakisha uharibifu. Picha ya chupa mbili zikiwa zimesimama pamoja mbele ya karatasi nyeupe, saa na tarehe vikiwa vimeandikwa, ndiyo picha bora kuliko zote katika ripoti hii.

Baada ya ushahidi huja maandishi yenyewe. Kila kasoro hupewa aya fupi yenye jambo, ushahidi, hatua na kiwango cha uhakika. Kwa mfano: “Mpira wa pistoni umekwisha. Mipigo 40 ilitoa lita 9, mara tatu, na kiasi hakikupungua kati ya mtungi wa kwanza na wa tano. Ubadilishwe. Hakuna shaka.” Na nyingine: “Maji yanarudi chini. Baada ya nusu saa ilihitajika mipigo 30. Oringi na vizibo vya vali vibadilishwe kwanza. Bomba huenda lina kiungo kinachovuja. Itajulikana baada ya kupima tena.” Sentensi ya mwisho humkinga fundi na huikinga kamati pia, kwa maana fedha za bomba hazitatolewa kabla ya kuhitajika, na wala hazitakuja kama mshtuko zikihitajika.

Orodha ya vipuri huandikwa kwa idadi, na bei hujazwa na wajumbe wenyewe baada ya kuuliza dukani. Kwa pampu hii ni mpira mmoja wa pistoni, oringi moja, vizibo viwili vya vali (kimoja cha pistoni na kimoja cha vali ya chini), na jozi nne za bushi, mbili za mhimili wa mpini na mbili za pale fito zinaponing'inia. Fito haziwezi kuhesabiwa kabla ya kuvutwa. Zikiwa juu, kila moja hukaguliwa kwenye ndoano ya kuungia, kwa sababu hapo ndipo chuma hukonda na kukatika. Kama nyingi zimeliwa, ni afadhali kijiji kichangie zisizoshika kutu kuliko kurudisha zilezile za zinki kwenye maji yaleyale, ijapokuwa bei yake itazua mjadala. Kwa saruji, mchanga na kokoto, ripoti hutaja vipimo vya sakafu na kumwachia mwashi akadirie.

Utaratibu wa kazi ni mahali ambapo kamati nyingi hukosea. Kwa kuwa ufa ndio hatari kwa afya, wajumbe hutaka zege lianze. Lakini kazi ya kuvuta fito hufanywa na watu waliosimama juu ya sakafu hiyohiyo, wakiangusha vyuma na kumwaga maji, na mpini wenye bushi mbovu ndio uliochangia kuulegeza mguu kwa kuutikisa pembeni. Zege jipya chini ya mpini unaoyumba litapasuka tena. Basi ndani ya pampu kwanza, bushi pamoja nazo, halafu mguu na sakafu, na dawa mwisho, vyote katika muda mmoja wa kufunga kisima.

Kazi ya ndani ni ya saa chache kwa fundi mmoja na wasaidizi wawili. Fito huinuliwa na kufunguliwa moja moja kwa mkono, bila chombo. Jambo moja tu halisamehewi: mtu mmoja awe ameishika fito ya chini wakati wote ya juu inapofunguliwa, kwani ikiponyoka mlolongo wote huanguka na kuweza kuivunja silinda. Pistoni ikishatoka, kifaa cha kuvulia hufungwa mwishoni mwa fito na kushushwa tena ili kuinasa vali ya chini. Mpira wa zamani hulinganishwa na mpya juu ya meza na kupigwa picha. Ukingo uliokatwakatwa badala ya kulika sawasawa huonyesha kwamba mchanga unaingia kisimani, na hiyo ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa mpira mpya nao hautachelewa kukatwa.

Mguu uliolegea haurekebishwi kwa kuzibwa saruji juu. Zege lililouzunguka huvunjwa, nguzo husimamishwa wima kwa pima maji, na zege jipya humwagwa kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Ufa wa sakafu hutindwa kwa patasi hadi uwe na umbo la V, husafishwa, hulowanishwa, kisha hujazwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu. Kwa siku saba zege hufunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni, na pampu haiguswi. Siku hizo saba ndizo ngumu kuliko saruji yenyewe. Daima hutokea mtu anayekuja usiku na mtungi mmoja tu, na mpigo wake wa kwanza huuachanisha mguu na zege ambalo halijakomaa. Kwa sababu hiyo mpini huondolewa na kuwekwa kwa mweka hazina. Msimu nao huzingatiwa. Katika kiangazi kikali kufunga kisima ni kuwapeleka watu mtoni, na wakati wa masika mvua huosha saruji. Juni au Julai, matangi ya mabati yakiwa bado na maji ya masika, hufaa zaidi pwani.

Dawa hutiwa zege likiwa limeanza kukomaa. Kisima chenye upana wa milimita 150 hubeba karibu lita 18 kwa kila mita ya maji, hivyo mita 20 za maji ni kama lita 350. Ili kupata miligramu 50 za klorini kwa lita inahitajika takriban gramu 25 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70, ukiwa umekorogwa kwanza katika ndoo ya maji. Dawa hukaa usiku kucha. Siku ya kufungua, maji hutekwa na kumwagwa mbali na mimea hadi harufu iishe, na mpaka siku hiyo ripoti hupendekeza maji ya kunywa yachemshwe, tangu tarehe ufa ulipothibitishwa.

Kazi ikiisha majaribio mawili hurudiwa, ndoo ileile na muda uleule, na picha hupigwa kutoka mahali palepale. Ripoti ya pili huwa nusu ukurasa. Mipigo 40 ikitoa lita 15 au zaidi, suala la mpira limefungwa. Mipigo ya baada ya nusu saa ikiwa mitano au chini, vali ndiyo iliyokuwa ikivuja. Ikiwa maji bado yanashuka, na mipigo inapita mitano kwa mbali licha ya oringi na vizibo vipya, basi ni kiungo cha bomba. Hapo kikao kingine huitishwa ili kupanga kuling'oa bomba lote, vipande kumi vya mita tatu vilivyogundishwa, kazi inayotaka watu wanane wa kulishika lisipinde na siku yenye jua la kukaushia gundi.